Fomu inapolikataa faili: ukomo wa ukubwa, na namna ya kupunguza picha kabla ya kuituma

Ni saa tano na dakika ishirini usiku mjini Kampala. Msichana mmoja, mzaliwa wa Bukavu, anakamilisha maombi ya ufadhili wa masomo, na dirisha la maombi linafungwa saa sita kamili. Amekwisha kujaza jina, tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma na barua ya kujieleza. Limebaki jambo moja tu: kupakia cheti na kurasa mbili za matokeo, ambazo amezipiga picha kwa simu na kuziunganisha kuwa faili moja la PDF. Anabonyeza kitufe cha kutuma. Mstari wa kupakia unatambaa kwa dakika kadhaa hadi mwisho, kisha ukurasa unarudi ukiwa mtupu, na juu yake maandishi mekundu yanamwambia kwamba hakuandika jina lake.

Anajaza upya. Fomu inarudi tupu tena. Anasogea dirishani ili mtandao uwe na nguvu, anajaribu mara ya tatu, kisha ya nne. Faili lake lina megabaiti 12, kwa hiyo majaribio hayo manne yamekula megabaiti 48 za bando, na fomu bado inadai kwamba jina halikuandikwa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini yaliyomo ndani yake hutokea vivyo hivyo kila msimu wa maombi, iwe ni Lubumbashi, Bujumbura au Kigali. Kosa si la mtandao, wala si la jina. Faili ni kubwa kuliko kiwango ambacho seva imeruhusiwa kupokea, na seva haikuwa na namna ya kulisema hilo waziwazi.

Kwa nini ujumbe wa kosa hupotosha

Fomu nyingi za vyuo, mashirika na ofisi za serikali zimeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP. Lugha hiyo huja na mipaka miwili iliyowekwa tangu mwanzo, na msimamizi wa tovuti asipoigusa hubaki kama ilivyo:

```
upload_max_filesize = 2M
post_max_size = 8M
```

Mstari wa kwanza unasema kwamba faili moja lisizidi megabaiti 2. Wa pili unasema kwamba mzigo wote wa fomu, yaani mafaili yote pamoja na maandishi yaliyojazwa, usizidi megabaiti 8. Mipaka hii miwili huvunjwa kwa namna mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kulitambua tatizo.

Faili likizidi megabaiti 2 lakini mzigo wote ukabaki chini ya 8, seva hupokea maandishi yote na kuliacha faili peke yake. Mwombaji huona jina lake limehifadhiwa, ila kisanduku cha faili kiko tupu, na aghalabu ujumbe humwambia kwamba hakuchagua faili lolote. Mzigo wote ukizidi 8, seva hutupa kila kitu, faili na maandishi pamoja. Programu ya fomu inapofungua bahasha haikuti kitu ndani yake, na kwa kuwa imefundishwa kukagua jina kwanza, hulalamika kuhusu jina. Ndiyo maana msichana yule, mwenye megabaiti 12, aliambiwa kwamba hakuandika jina.

Kuna aina ya tatu. Mbele ya programu ya fomu mara nyingi husimama seva ya kupokea wageni, kama bawabu mlangoni, na mojawapo ya zile zinazotumiwa sana ni nginx. Bawabu huyu asipopewa maagizo mengine hupokea megabaiti 1 tu. Yeye husoma ukubwa wa mzigo ulioandikwa nje ya bahasha, na akiona umezidi, hujibu kwa namba 413 na maneno `Request Entity Too Large`, kisha hufunga mlango. Tatizo ni kwamba kivinjari bado kiko katikati ya kutuma, na wakati mwingine hakipati nafasi ya kulisoma jibu hilo. Badala yake humwonyesha mtumiaji `ERR_CONNECTION_RESET`, maneno yanayosema kwamba mawasiliano yamekatwa. Hapo mtu mwenye busara zake zote huilaumu kampuni ya simu, hununua bando jingine na kurudia kosa lile lile.

Kwa wasomaji wa Kiswahili ugumu huongezeka, kwa sababu fomu hizi huzungumza lugha ya ofisi ya nchi husika. Anayejaza fomu Burundi au Kongo atakutana na `Le fichier est trop volumineux`. Aliyeko Msumbiji huenda akaona `O ficheiro é demasiado grande`. Na Uganda au Zambia ataambiwa `File too large` au `Maximum file size exceeded`. Yote yana maana moja: faili ni kubwa mno. Neno jingine la kuangaliwa ni `Mo`. Kwa Kifaransa hicho ni kifupi cha megaokteti, ambayo ni sawa kabisa na megabaiti. Kwa hiyo `2 Mo` ni megabaiti 2, na `500 Ko` ni kilobaiti 500.

Namna ya kujua kama kosa ni la ukubwa au la mtandao

Dalili ya kwanza ni mahali ambapo upakiaji hukwama. Ikiwa kila jaribio linakufa mahali tofauti, mara kwenye asilimia 20 na mara kwenye 65, shuku mtandao. Ikiwa kila jaribio linafika mwisho kisha linakataliwa, au linakatwa pale pale mwanzoni kila mara, shuku ukubwa. Jaribio lisilo na shaka ni kutuma faili dogo sana kwenye fomu ile ile, kwa mfano picha ya kilobaiti 50, bila kubonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha maombi pale ambapo fomu ina hatua zaidi ya moja. Likipita, basi mtandao na fomu ni vizima, na lililobaki ni kupunguza faili halisi.

Mambo haya mawili, hata hivyo, si mageni kwa kila hali. Faili kubwa kwenye mtandao wa polepole huchukua muda mrefu, na seva nyingine huchoka kungoja. Watu wengi hapa huchanganya biti na baiti. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wenye kasi ya kupakia ya kilobiti 256 kwa sekunde hutuma takriban kilobaiti 32 tu kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 5 litahitaji zaidi ya dakika mbili na nusu hata mambo yakienda vizuri. Kulipunguza faili hadi megabaiti 1 hutibu magonjwa yote mawili kwa dawa moja.

Ukubwa wa faili unatoka wapi

Simu nyingi za leo hupiga picha ya pikseli milioni 12, yaani nukta 4000 kwa upande mmoja na 3000 kwa upande mwingine. Picha kama hiyo ikihifadhiwa kwa mtindo wa JPEG kwa kawaida huwa na megabaiti 3 hadi 5. Kiasi hicho kingefaa kuchapisha bango, lakini anayesoma cheti kwenye kioo cha kompyuta hahitaji hata robo yake.

Ukubwa huo hutokana na mambo mawili: idadi ya pikseli, na kiwango cha ubora ambacho JPEG inakihifadhi. Katika hayo, la kwanza ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu pikseli huhesabiwa kwa eneo. Ukipunguza urefu kwa nusu na upana kwa nusu, hubaki robo ya pikseli, na faili nalo hushuka karibu kwa kiasi hicho. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuogopa kupita kiasi: hudhani kwamba kupunguza picha ni kuiharibu, kumbe nukta wanazozitupa hazikuwa zikisomwa na mtu yeyote.

Kwa hati ya ukubwa wa A4, kipimo kinachofaa ni nukta 150 kwa kila inchi. Hiyo ni sawa na pikseli 1754 kwa urefu na 1240 kwa upana. Maandishi ya kawaida ya cheti husomeka vizuri kwa kipimo hicho. Hati yenye maandishi madogo sana, kama nyuma ya kitambulisho au stempu iliyofifia, huhitaji nukta 200, yaani pikseli 2339 kwa 1654. Nukta 300 ni za uchapishaji, na fomu ikiziomba itasema yenyewe.

Kurasa tatu, hatua kwa hatua

Turudi Kampala. Msichana yule ana picha tatu, kila moja ya megabaiti 4, na fomu inaruhusu megabaiti 2 kwa faili moja la PDF lenye kurasa zote.

Hatua ya kwanza ni kukata kingo. Katika kila picha kuna meza, kitambaa na kivuli cha mkono. Vyote hivyo vinabeba uzito bila kuwa na kazi. Akikata mpaka ukingo wa karatasi, picha inabaki na pikseli kama 3508 kwa 2480, na uzito wake unashuka kutoka megabaiti 4 hadi karibu 2.9. Kurasa tatu bado ni megabaiti 8.7, lakini sasa kila nukta iliyobaki ni ya karatasi yenyewe.

Hatua ya pili ni kupunguza kwa nusu kila upande, mpaka 1754 kwa 1240. Kila ukurasa sasa unakaribia megabaiti 0.72, na zote tatu zikiunganishwa zinafika kama 2.2. Hapa mtu huvunjika moyo, maana amekaribia mno. Asijaribu bahati yake kwa kudhani kwamba seva itafumbia macho hiyo 0.2, kompyuta haina huruma ya karani. Kwa PHP, megabaiti 2 ni baiti 2,097,152 kamili, na baiti moja ya ziada inatosha kukataliwa.

Hatua ya tatu ni kushusha ubora wa JPEG hadi 80 katika kipimo cha 100. Jicho haliioni tofauti kwenye maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, lakini kila ukurasa hushuka mpaka takriban kilobaiti 450. PDF nzima sasa ina megabaiti 1.35 hivi. Inapita, na inabakiza nafasi ya kutosha.

Kabla ya kutuma, afungue faili hilo jipya na kulikuza mpaka ukubwa halisi wa karatasi. Asome namba ya cheti tarakimu baada ya tarakimu, na aangalie kama maneno ya ndani ya muhuri yanasomeka. Ikiwa 3 na 8 zinafanana, amepunguza kupita kiasi, na inampasa kurudi kwenye picha ya asili na kuanza upya kwa kipimo kikubwa zaidi. Asiendelee kutoka kwenye picha iliyokwisha kupunguzwa: JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya, na kilichopotea hakirudi kwa kuikuza.

Vyombo vilivyopo mkononi

Kwa mwenye simu peke yake, njia rahisi kuliko zote iko ndani ya WhatsApp. Mtu hukata kingo za picha kwanza, kisha hujitumia mwenyewe picha hiyo kwa ubora wa kawaida, si ule wa `HD`. Kwa kawaida programu hiyo huishusha picha mpaka upande mrefu uwe na pikseli zipatazo 1600, na kwa karatasi ya A4 hizo ni karibu nukta 137 kwa inchi. Zinatosha kwa vyeti vingi. Kasoro yake ni kwamba mtumiaji hawezi kuchagua kipimo. Isitumwe kama `Document`, kwani hapo hubaki na uzito wake wote. Kwenye iPhone, kuambatisha picha katika programu ya barua pepe ya simu hiyo huleta swali la kuchagua ukubwa mdogo, wa kati, mkubwa au halisi. Wa kati au mkubwa ndio unaofaa.

Kwenye kompyuta ya Windows, hata ile ya mgahawa wa intaneti, kuna Paint. Fungua picha, bonyeza `Resize`, chagua `Pixels`, hakikisha kwamba `Maintain aspect ratio` imewekwa alama ili picha isirefuke wala kubanwa, andika 1754 kwa upande mrefu, kisha hifadhi kwa jina jipya kama JPEG. Jina jipya ni muhimu. Aliyehifadhi juu ya picha ya asili hana pa kurudi. Mwenye kurasa nyingi na programu ya ImageMagick anaweza kufanya hatua ya pili na ya tatu kwa amri moja kwa kila picha:

```
magick asili.jpg -resize 1754x1754 -quality 80 ndogo.jpg
```

Namba hizo mbili zinazofanana haziibadilishi picha kuwa mraba. Zinasema tu kwamba upande wowote usizidi 1754, na uwiano wake unabaki kama ulivyo.

Wanaotengeneza PDF kwa kubandika picha ndani ya Word hukutana na mtego wake. Kuishika picha pembeni na kuivuta iwe ndogo kwenye ukurasa hakupunguzi faili hata kidogo. Picha nzima bado imo ndani, imekunjwa tu isionekane. Katika Word, bonyeza picha, nenda `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`, na uchague 150 ppi. Katika LibreOffice, dirisha la `Export as PDF` lina sehemu ya kuweka ubora wa JPEG na kipimo cha picha. 80 na 150 zinafaa hapo pia.

Yapo pia mambo ambayo watu hushauriana mitaani na hayasaidii. Kulibadilisha jina faili, kutoka `.heic` kwenda `.jpg` kwa mfano, hakubadilishi kilichomo ndani. Simu za iPhone tangu mwaka 2017 huweza kuhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, na fomu nyingi huukataa hata faili likiwa dogo. Dawa yake ni kwenda `Settings`, `Camera`, `Formats`, na kuchagua `Most Compatible` kabla ya kupiga picha. Kuifunga picha ndani ya faili la ZIP nako ni kazi bure, kwa sababu JPEG tayari imebanwa. Ni kama kukamua nguo iliyokwisha kukauka.

Tovuti zinazojitolea kupunguza PDF bure hufanya kazi, lakini hufanya hivyo kwa kulipokea faili kwenye seva yao. Kwa picha ya ua la bustani hilo si neno. Kwa pasipoti, kitambulisho cha mkimbizi au cheti cha kuzaliwa, ni kumkabidhi mtu usiyemjua nakala ya utambulisho wako, ilhali Paint ingeifanya kazi hiyo bila faili kutoka mezani. Katika jambo hilo hilo, picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Asiyetaka nyumba yake ijulikane azime kumbukumbu ya mahali katika kamera kabla ya kupiga hati.

Ukomo wa chini

Si kila fomu inakataa kwa ukubwa tu. Nyingine hukataa udogo. Bahati nasibu ya viza za Marekani, inayojulikana sana katika ukanda huu, kwa miaka mingi imetaka picha ya uso iliyo mraba, ya JPEG, yenye pikseli zisizopungua 600 kwa 600, na faili lisilozidi kilobaiti 240. Anayepunguza mpaka pikseli 400 ili awe na uhakika wa uzito hukataliwa kwa sababu nyingine. Kwa picha ya namna hiyo, mwombaji akate mraba kwanza, ashushe mpaka 600 kamili, kisha aangalie uzito. Kwa kawaida hatahitaji kugusa ubora. Mfumo wa uhamiaji wa Kanada kwa upande wake umekuwa ukiruhusu megabaiti 4 kwa kila faili, na huko tatizo huwa zaidi kwenye PDF za kurasa nyingi kuliko picha moja moja.

Barua pepe ina hesabu yake. Kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi za kawaida, na mgeuzo huo huongeza uzito kwa takriban theluthi moja. Ndiyo maana sanduku linalotangaza ukomo wa megabaiti 25 linaweza kulikataa faili la megabaiti 20. Anayetuma kwa njia hiyo akadirie robo tatu ya ukomo uliotajwa, na asivuke hapo.

Pale ambapo fomu haikutaja ukomo wowote, megabaiti 1 kwa kila faili ndicho kiwango cha kuanzia. Kinapita kwa bawabu aliyeachwa na mpangilio wake wa awali, mradi faili ni moja na limebaki chini kidogo ya hapo, na karibu hati yoyote ya kurasa mbili inaweza kufikishwa kwenye uzito huo ikiwa bado inasomeka. Mafaili yakiwa manne au matano kwenye ukurasa mmoja, hujumlishwa. Fomu yenye kitufe cha kupakia kila faili peke yake ni nafuu, na ile inayotuma yote kwa mkupuo hutaka kila moja lipunguzwe zaidi. Maandishi marefu, kama ile barua ya kujieleza, yaandikwe kwanza pembeni na kunakiliwa, ili fomu ikirudi tupu kusiwe na cha kutunga upya zikiwa zimebaki dakika kumi.